Bosi Hakubali Wala Hakatai: Namna ya Kujibu Barua ya Kuacha Kazi

Mtu anapoondoka kazini, kuna kauli mbili ambazo hazikosekani katika mazungumzo ya wenzake. Ya kwanza ni kwamba "bosi amekataa barua yake", na ya pili ni kwamba "amewapa saa ishirini na nne". Kauli zote mbili zinatokana na dhana moja, kwamba barua ya kuacha kazi ni ombi, na kwa hiyo majibu ya meneja ni hukumu ya ombi hilo. Dhana hiyo imezaa barua nyingi za majibu ambazo zimejaa heshima lakini hazisemi kitu, na nyingine zinazosema mambo ambayo meneja hana mamlaka ya kuyasema. Makala haya yanaeleza barua hiyo inapaswa kufanya kazi gani, kwa kuangalia ajira ya sekta binafsi nchini Tanzania chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004.

Tuanze na maneno yenyewe. Kuacha kazi ni uamuzi wa mwajiriwa wa kuumaliza mkataba wake kwa hiari yake. Watu wengi husema pia kujiuzulu, ingawa neno hilo limezoeleka zaidi kwa mtu mwenye cheo. Notisi ni taarifa ya maandishi inayotangulia kuondoka, na pia ni jina la kipindi chenyewe kinachopita kati ya taarifa hiyo na siku ya mwisho. Stahiki ni fedha ambazo mwajiriwa anazidai ajira yake inapokoma. Makabidhiano ni kurudisha mali na kuhamisha majukumu kwa mtu mwingine.

Mfano wa karibu ni mpangaji na mwenye nyumba. Mpangaji anayepanga mwezi kwa mwezi akisema atahama, mwenye nyumba hawezi kumjibu kwamba amekataa ahame. Anachoweza kufanya ni kumkumbusha kwamba wana makubaliano kuhusu muda wa taarifa, kuandika tarehe ya kurudisha funguo, kusoma mita ya umeme pamoja naye, na kumaliza naye hesabu. Meneja anayepokea barua ya kuacha kazi yuko mahali hapo hapo. Kwa mwajiriwa mwenye mkataba usio na ukomo, ajira inakoma kwa sababu mwajiriwa ametoa notisi na notisi hiyo imekwisha, wala haihitaji saini ya mtu wa kuikubali. Ndiyo maana barua nzuri ya majibu husema "nakiri kupokea" na si "uongozi umeridhia ombi lako".

Mkataba wa muda maalumu ni jambo jingine. Aliyesaini miaka miwili amekubali kufanya kazi miaka miwili, na kanuni za utendaji bora za 2007 zinamruhusu kuuvunja mkataba kabla ya muda ikiwa mwajiri amekiuka masharti yake ya msingi, au ikiwa mwajiri mwenyewe amekubali usitishwe mapema. Hapo neno "tunakubali" lina kazi halisi ya kufanya, na meneja anapaswa kuliandika akijua kwamba anatoa kitu ambacho angeweza kukizuia. Kwa hiyo kabla hajaandika neno lolote la shukrani, meneja anapaswa kufungua jalada na kuangalia ni mkataba wa aina gani uliomo.

Katika jalada hilo hilo ndimo muda wa notisi unamopatikana. Kwa mwajiriwa anayelipwa kwa mwezi, sheria inaweka kiwango cha chini cha siku 28; anayelipwa kwa siku au kwa wiki ni siku 4, na katika mwezi wa kwanza wa ajira ni siku 7. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, kwa sharti kwamba muda huo uwe sawa kwa pande zote mbili. Mkataba unaomdai mwajiriwa miezi mitatu huku ukimruhusu mwajiri kumwondoa kwa mwezi mmoja hautimizi sharti hilo, na meneja anayemnukulia mwajiriwa kifungu cha namna hiyo katika majibu yake anajitengenezea mgogoro.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni tuufuate hadi mwisho. Rehema ni mhasibu msaidizi katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro. Aliajiriwa tarehe 1 Machi 2023 kwa mkataba usio na ukomo, anafanya kazi siku sita kwa wiki, Jumatatu hadi Jumamosi, na mshahara wake wa msingi ni shilingi 780,000 kwa mwezi. Likizo zake za miaka iliyokwisha amezichukua zote. Bado anadaiwa shilingi 100,000 za mkopo wa mshahara aliousainia. Jumatatu tarehe 9 Juni 2025 anampelekea meneja barua ya kuacha kazi kwa notisi ya siku 28, na meneja anagonga muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe kwenye nakala ya Rehema. Kesho yake anamjibu hivi:

Tarehe 10 Juni 2025

Bi. Rehema,
Mhasibu Msaidizi.

YAH: KUPOKELEWA KWA BARUA YAKO YA KUACHA KAZI

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Nakiri kupokea barua yako uliyonikabidhi tarehe 9 Juni 2025, ambayo kwayo umetoa notisi ya siku 28 ya kuacha kazi. Notisi hiyo inaanza kuhesabiwa tarehe 10 Juni 2025 na itaisha tarehe 7 Julai 2025, ambayo itakuwa siku ya mwisho ya ajira yako. Kwa kuwa siku hiyo ni sikukuu, siku yako ya mwisho ya kufika kazini itakuwa Jumamosi tarehe 5 Julai 2025.

Uongozi unakushukuru kwa utumishi wako tangu tarehe 1 Machi 2023, na hasa kwa kulipanga upya daftari la wadaiwa, kazi ambayo imetuwezesha kujua kila mwisho wa wiki ni nani anadaiwa na kiasi gani.

Katika kipindi cha notisi utaendelea na majukumu yako na utalipwa mshahara kama kawaida. Kuanzia tarehe 23 Juni utafanya kazi pamoja na atakayepokea majukumu yako. Makabidhiano ya maandishi yatafanyika tarehe 4 Julai, nayo yatahusu daftari la wadaiwa, vitabu vya stakabadhi, mashine ya risiti, funguo za kabati la fedha na kompyuta ya ofisi.

Stahiki zako zitakuwa mshahara wa hadi tarehe 7 Julai na malipo ya likizo ambayo hujaichukua, baada ya makato ya kisheria na salio la mkopo wa mshahara kwa mujibu wa makubaliano uliyosaini. Utapewa mchanganuo wake tarehe 2 Julai ili uupitie, na malipo yatafanyika tarehe 8 Julai, siku ambayo pia utakabidhiwa cheti chako cha utumishi.

Nakutakia heri katika hatua unayoiendea.

Wako katika kazi,
Meneja

Barua hiyo haizidi ukurasa mmoja, lakini kila aya ina sababu ya kuwepo.

Aya ya kwanza ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu inafunga tarehe. Wengi husema "notisi ya mwezi mmoja" na kuhesabu hadi mwisho wa mwezi, au hadi tarehe kama ile ya mwezi unaofuata. Siku 28 ni majuma manne kamili ya kalenda, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Siku barua ilipopokelewa haihesabiwi; siku ya kwanza ni kesho yake, tarehe 10 Juni, na siku ya 28 inaangukia 7 Julai, yaani Sabasaba. Meneja ambaye hakutazama kalenda angepanga makabidhiano siku ambayo duka limefungwa, kisha wangeanza kubishana kama Rehema anapaswa kurudi tarehe 8. Nimeona mabishano ya aina hiyo yakianza kwa siku moja tu na kuishia kwenye cheti kilichocheleweshwa kwa majuma.

Shukrani nazo zina kanuni yake, ingawa sheria haizitaji. Shukrani inayotaja kazi moja iliyofanyika kweli inatosha. Meneja anayesukumwa na huruma au na adabu akaandika kwamba "milango iko wazi wakati wowote" au kwamba "tutahakikisha unapata barua nzuri ya utambulisho" ameweka ahadi katika jalada, na mwenzake atakayekalia kiti hicho mwakani hatajua kama ilikuwa adabu au makubaliano. Hatari ya upande wa pili ni kuingiza lawama: kwamba ameondoka wakati mbaya, au kwamba kampuni imemsomesha. Kama kuna makubaliano ya maandishi kuhusu gharama za mafunzo, yatajwe kwa tarehe yake kwenye sehemu ya stahiki; kama hayapo, hakuna la kuandika.

Jambo linalokosewa kuliko yote ni likizo. Meneja wengi, kwa nia ya kubana gharama, huandika: "Siku zako za likizo zilizobaki utazichukua ndani ya kipindi cha notisi." Inaonekana kama hesabu safi, lakini sheria inakataza notisi kutolewa mtu akiwa likizo, na inakataza notisi kwenda sambamba na likizo. Sababu yake inaeleweka ukirudi kwa mpangaji: mwezi wa taarifa ni wa kutafuta nyumba na kufungasha, na hauwezi kugeuzwa kuwa malipo ya deni ambalo mwenye nyumba alikuwa nalo kwake. Likizo ambayo haijachukuliwa hulipwa kwa fedha ajira inapokoma. Waajiriwa nao hukosea hapo hapo, wanapowasilisha barua wakiwa likizoni wakitumaini kwamba siku zitakwenda pamoja.

Malipo hayo hukokotolewaje? Kwanza tafuta mshahara wa siku. Sheria inagawa mshahara wa mwezi kwa majuma 4.333, kisha kwa siku za kazi za juma. Kwa anayefanya kazi siku sita, hiyo ni sawa na kugawa kwa 26, na kwa Rehema inakuja shilingi 30,000 kwa siku. Likizo ya mwaka usiokamilika hukua kwa kiwango cha mshahara wa siku moja kwa kila siku 13 ambazo mtu alifanya kazi au alistahili kufanya kazi. Kiwango hicho huwashangaza wengi kwa sababu wamezoea kusikia kwamba likizo ni siku 28, lakini hesabu ni ile ile: siku 28 ni majuma manne, na majuma manne ya mtu wa siku sita yana siku 24 za kazi, mwaka wake una siku 312 za kazi, na 312 ukigawa kwa 13 ni 24.

Mzunguko wa likizo wa Rehema ulianza upya tarehe 1 Machi 2025. Kuanzia siku hiyo hadi 7 Julai, ukiondoa Jumapili, kuna siku 110. Ukigawa kwa 13 unapata takriban 8.46, na kwa shilingi 30,000 kila siku ni takriban shilingi 253,800. Mshahara wa Juni atakuwa ameshaupata mwisho wa Juni. Julai anadai siku sita, yaani tarehe 1 hadi 5 pamoja na Sabasaba, ambazo ni shilingi 180,000. Jumla inakaribia shilingi 433,800, kabla ya kodi, mchango wa NSSF na ile 100,000 ya mkopo. Hayo ndiyo yanayopaswa kuonekana katika mchanganuo wa tarehe 2 Julai, mstari kwa mstari, ili kama kuna tofauti ijulikane kabla fedha hazijatoka.

Mtu atauliza: na kiinua mgongo je? Malipo yale ya mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi, humhusu mwajiriwa ambaye mwajiri ndiye aliyemwachisha. Aliyeondoka kwa hiari yake hayapati, isipokuwa mkataba au utaratibu wa kampuni umeahidi vinginevyo. Ni vyema meneja asiyataje kabisa kuliko kuandika "utalipwa stahiki zako zote ikiwemo kiinua mgongo" kwa mazoea, kwa sababu akishaandika, mwajiriwa ana haki ya kuuliza kiko wapi. Akiba ya NSSF nayo hailipwi na duka. Wajibu wa mwajiri ni kuwasilisha michango hadi ya mwezi wa mwisho, na mengine ni kati ya mwanachama na mfuko.

Makabidhiano ndipo palipojificha mtego mwingine. Ofisi nyingi zina fomu inayozungushwa kwa mtunza stoo, uhasibu na utawala, kila mmoja akisaini kwamba hamdai anayeondoka, na imezoeleka kusema kwamba bila fomu hiyo hakuna malipo. Fomu yenyewe ni njema, lakini haigeuzi mshahara kuwa dhamana. Deni kama mkopo wa Rehema linaweza kukatwa kwa sababu alikubali kwa maandishi. Kifaa kilichopotea au kuharibika kina masharti zaidi: lazima kuwe na makubaliano ya maandishi, upotevu uwe umetokea kazini kwa kosa la mwajiriwa, awe amepewa nafasi ya kujieleza, makato yasizidi hasara halisi, na jumla ya makato ya aina hiyo isizidi robo ya ujira wake. Meneja anayeandika "gharama ya kompyuta itakatwa" kabla hata kompyuta haijakaguliwa ameruka hatua zote hizo. Hii ndiyo sababu ya kuweka makabidhiano tarehe 4 na si tarehe 5: ikiwa ufunguo mmoja haupo, kuna siku moja ya kuutafuta.

Cheti cha utumishi ni wajibu wa mwajiri ajira inapokoma kwa namna yoyote, hata kama wameachana kwa ubaya. Kinaeleza mtu alikuwa nani, alifanya kazi gani na kwa muda gani. Kisichanganywe na barua ya utambulisho, ambayo ni hisani ya kumsifu mtu na ambayo mwajiri anaweza kuiandika au asiiandike.

Turudi kwenye zile saa ishirini na nne. Sheria ya 2004 inampa mwajiri nafasi ya kulipa ujira wa kipindi cha notisi badala ya mtu kukifanyia kazi. Kwa upande wa mwajiriwa inaeleza jambo tofauti kidogo: akikataa kufanya kazi ndani ya notisi, mwajiri anaweza kukata katika stahiki zake kiasi ambacho angekipata kwa siku hizo. Kwa hiyo "saa 24" si aina ya notisi. Ni namna ya kuilipia notisi, na mara nyingi msingi wake uko katika kifungu cha mkataba. Rehema akiondoka tarehe 10 Juni asubuhi, siku 24 za kazi ambazo hakufanya zina thamani ya shilingi 720,000, na hakuna stahiki nyingi za kuzikata humo. Meneja naye akitaka Rehema aondoke mapema, labda kwa sababu anahamia kwa mshindani na hapaswi kuona bei za wateja, anaweza kumruhusu, lakini barua iseme wazi kwamba ujira wake hadi 7 Julai utalipwa. Kwa wasomaji wa Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 imelisema hili kwa uwazi zaidi: upande wowote unaweza kulipa badala ya notisi, na mwajiri anayemsamehe mwajiriwa notisi aliyoitoa humlipa kipindi hicho, isipokuwa wamekubaliana vingine.

Kuna barua moja ambayo haifai kujibiwa kwa mfano huu. Ikiwa Rehema ameandika kwamba anaondoka kwa sababu mshahara haujalipwa kwa miezi mitatu, au kwa sababu ya kunyanyaswa, majibu ya "asante kwa utumishi wako" yatasomeka kama dhihaka, na baadaye kama ushahidi. Kanuni za 2007 zinatambua kwamba mwajiri akifanya kazi isivumilike hadi mtu akaondoka, kuondoka huko ni kulazimishwa, na huhesabiwa kuwa mwajiri ndiye aliyemwachisha. Mwajiriwa ana siku 30 za kupeleka mgogoro wa namna hiyo katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hapo meneja akiri kupokea, ataje malalamiko kama yalivyoandikwa, na amwite mhusika wasikilizane kabla ya kuzungumzia funguo.

Limebaki jambo la mwisho, nalo ndilo linalompa bosi ile nguvu ambayo watu hudhani anayo tangu mwanzo. Tuseme tarehe 20 Juni Rehema anabadili mawazo na kutaka kubaki. Notisi yake imeshapokelewa, tarehe zimeshafungwa na huenda mtu mwingine ameshaahidiwa nafasi. Hawezi kuirudisha peke yake, na meneja anaweza kusema ndiyo au hapana. Akisema ndiyo, isiishie kwenye kupeana mikono mlangoni. Aandike barua ya pili, fupi kuliko ya kwanza, inayosema kwamba notisi ya tarehe 9 Juni 2025 imefutwa kwa makubaliano ya pande zote mbili na kwamba utumishi wake unaendelea kuhesabiwa tangu 1 Machi 2023 bila kukatika.